UZI: Nimeshinda kesi "pamoja na gharama na riba". Sasa mbona wakili bado ananidai, na riba yenyewe inahesabiwaje?

#1 Mnazini
Asalaam aleikum wanauzi. Mimi nauza mbao na saruji hapa Malindi. Mteja mmoja alichukua mali ya shilingi 480,000 kwa mkopo akajengea nyumba ya wageni, kisha akaanza kunizungusha. Machi 2021 nikafungua kesi kwa hakimu. Machi 2024 nikapata hukumu: nilipwe 480,000 "pamoja na gharama na riba". Hadi leo, Machi 2026, sijaona hata senti.

Juzi wakili amenipa karatasi mbili. Ya kwanza ni ya gharama zilizokadiriwa mahakamani, shilingi 91,000, na hizo atalipa yule aliyeshindwa. Ya pili ni bili yangu mimi, 165,000, na ninayo risiti ya 60,000 niliyotanguliza. Maswali yangu mawili. Kama aliyeshindwa ndiye alipaye gharama, mimi nadaiwa nini tena? Na hiyo riba, ni ya nini, kutoka lini, kwa asilimia ngapi? Kila ninayemuuliza ananipa jibu lake.

#2 Hesabu_Kali
Pole ndugu. Swali la pili ni jepesi. Riba ya mahakama ni asilimia 14 kwa mwaka, na haiwezi kupita deni lenyewe. Ikifika 480,000 inasimama. Hiyo ni sheria na benki zote zinaifuata.

#3 Mpwa_wa_Matondoni
Ndugu Mnazini, kabla ya hesabu, jiulize kama hiyo riba ni halali kwako. Chukua chako 480,000 na gharama ulizotoa mfukoni, uache yale mengine.

#4 Mnazini
Mpwa, nimekuelewa na nitaliuliza kwa wanaojua. Lakini hata nikitaka kuiacha, si lazima kwanza nijue ninaacha kiasi gani?

#5 Karani_Mstaafu
Nimekaa masjala ya mahakama za pwani miaka mingi, nimeshika mafaili haya kwa mikono. Nianze na gharama, maana hapo ndipo watu wengi huumia.

Kifungu cha 27 cha Sheria ya Mwenendo wa Madai kinasema gharama ziko mikononi mwa mahakama, lakini kwa kawaida humfuata aliyeshindwa, isipokuwa hakimu awe na sababu nzuri ya kuamua vingine. Kwa hiyo uliposhinda ukapewa gharama. Hadi hapo sawa. Lakini hizo ni gharama baina ya mdai na mdaiwa. Mahakama haikusema "mlipie mwenzio kila alichomlipa wakili wake". Ilisema mlipie kile ambacho jedwali la ada za mawakili linaruhusu kwa kesi ya thamani hiyo, pamoja na matumizi yanayothibitika.

Bili ya wakili kwako wewe ni mapatano yenu wawili. Na hata pasipo mapatano, jedwali lenyewe linasema baina ya wakili na mteja wake ada ya kipimo huongezwa nusu nzima, kwa sababu ndani yake mna mikutano yenu, barua zenu na simu zenu, ambazo mpinzani hahusiki nazo. Ndiyo maana karatasi zako hazilingani.

Kwako wewe inakuwa hivi: bili 165,000, ulishatoa 60,000, amebaki kukudai 105,000. Yule bwana akilipa 91,000, hizo ni zako. Wakili akizikata kwenye deni lake, unabaki unadaiwa 14,000. Ukijumlisha na ile 60,000, kushinda kumekugharimu 74,000 za mfukoni. Hakuna aliyekuibia hapo, ila wakili alipaswa kukueleza siku ya kwanza.

#6 Bi_Langoni
Mzee Karani, mimi wakili wangu aliniambia yeye hachukui kitu mpaka tushinde, kisha anakata theluthi. Ilikuwa ajali ya gari, niko Lamu sikuwa na pesa ya kutanguliza. Tumeshinda, na sasa anataka theluthi na zile gharama za mahakama pia azibakize yeye.

#7 Chipukizi_wa_Sheria
Bi Langoni, mapatano hayo hayana nguvu. Sheria ya Mawakili, kifungu cha 46, inakataa mkataba wa wakili kulipwa akishinda tu, au kulipwa kiwango tofauti akishinda na akishindwa. Unaweza kumwambia apeleke bili yake ikakadiriwe mahakamani, baina yake na wewe. Hapo ataonyesha kazi aliyofanya badala ya kukata theluthi.

#8 Bi_Langoni
Ahsante mwanangu. Lakini alinisaidia wakati hakuna aliyetaka kunisikiliza. Sitaki kumvunjia heshima.

#9 Karani_Mstaafu
Kumwomba mtu bili yake si kumvunjia heshima, dada. Mwombe kwa upole, kwa maandishi.

#10 Mokowe_Jeti
Kuna jambo halijasemwa. Mnazini, ile bili ya gharama ilipoingia mahakamani ilikuwa shilingi ngapi kabla ya kukadiriwa?

#11 Mnazini
148,000. Wakatoa 57,000.

#12 Mokowe_Jeti
Niliwaza hivyo. Nimewahi kuwa shahidi kwenye kesi ya mashua, nikitoka Lamu. Boti hadi Mokowe, basi hadi Malindi, kulala, kurudi. Mara tatu kesi ikaahirishwa tumeshafika. Bili ilipokadiriwa, nauli zangu zikakatwa karibu zote kwa sababu risiti sikuwa nazo. Mwenye boti gani anakupa risiti saa kumi na mbili asubuhi pale jetini?

#13 Karani_Mstaafu
Anakupa ukimwomba, Mokowe, hata kwa kuandika kwenye daftari lako na kutia sahihi. Anayekadiria hafanyi kwa chuki. Anafungua faili la kesi upande mmoja na bili upande mwingine, anashuka mstari kwa mstari. Bili ikisema "kuhudhuria tarehe fulani", anatafuta tarehe hiyo kwenye kumbukumbu za hakimu aone kama wakili wako ameandikwa kuwa alikuwepo. Hayumo, mstari unakatwa. "Nakala za hati", anazihesabu kurasa. "Kupeleka samansi", anatafuta kiapo cha aliyepeleka. Ada za kufungulia kesi hazina shida kwa sababu risiti ya mahakama imo ndani ya faili. Panapokatwa sana ni ada kuu ya wakili: mtu ameandika kiasi cha kesi ya milioni mbili kumbe hukumu ni 480,000. Anayekadiria huangalia thamani ya kesi kama inavyoonekana kwenye madai au hukumu, si ugumu anaousimulia wakili.

Na mjue, asiyeridhika na makadirio ana siku 14 kuandika notisi akitaja mistari anayoipinga na kuomba sababu. Akishapewa sababu, ana siku 14 nyingine za kwenda kwa jaji. Mnazini, mpinzani wako alifanya hivyo?

#14 Mnazini
Hakufanya kitu. Hata siku ya makadirio hakuja.

#15 Karani_Mstaafu
Basi hiyo 91,000 imesimama. Sasa riba. Hesabu_Kali, umechanganya mambo mawili.

La kwanza, asilimia. Hakuna 14 ya kila mahali. Kifungu cha 26 cha Sheria ileile ya Mwenendo wa Madai kinampa hakimu uhuru wa kupanga kiwango anachoona kinafaa. Mazoea ni 12 kwa mahakimu na 14 Mahakama Kuu, ndicho wanachokiita kiwango cha mahakama. Hiyo 14 imeandikwa wazi kwenye kifungu cha 27, lakini pale ni ukomo wa riba juu ya gharama.

La pili, ile ya riba kutopita deni ni kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki, kwa mkopo wa benki ulioacha kulipwa. Ndugu yetu si benki. Na hata kwa benki zenyewe, kifungu hichohicho kinasema hakizuii riba inayotokana na amri ya mahakama baada ya amri kutolewa.

#16 Hesabu_Kali
Kuhusu benki sikubaliani moja kwa moja, maana mahakama zimeshawahi kulitumia wazo hilo kwa wakopeshaji wengine kama jambo la haki. Lakini kwa amri ya mahakama nakupa. Basi tupige hesabu. Asilimia 12 ya 480,000 ni 57,600 kwa mwaka. Machi 2021 hadi Machi 2024 ni miaka mitatu, 172,800. Siku ya hukumu alikuwa anadaiwa 652,800. Miaka miwili mingine, 115,200. Jumla leo 768,000, bila gharama.

#17 Chipukizi_wa_Sheria
Hapo ndipo pana ubishi wa kweli. Kifungu cha 26 kinazungumzia vipindi vitatu. Riba ya kabla ya kesi kufunguliwa lazima iwe na msingi, kwa mfano mkataba au desturi ya biashara hiyo, na uidai kwenye hati ya madai. Riba ya tangu kufungua kesi hadi hukumu inapigwa juu ya deni. Baada ya hukumu, sheria inasema riba inapigwa juu ya jumla iliyoamuliwa. Mimi naisoma kwamba jumla hiyo ni deni na riba iliyokwisha ingia, yaani 652,800. Asilimia 12 yake ni 78,336 kwa mwaka. Miaka miwili, 156,672. Kwa hiyo leo ni 809,472.

#18 Hesabu_Kali
Hiyo ni riba juu ya riba! Tofauti ni 41,472.

#19 Chipukizi_wa_Sheria
Si riba ya kuzaana kila mwaka, kaka. Inajumlishwa mara moja tu, siku ya hukumu, kisha inabaki palepale.

#20 Karani_Mstaafu
Nimeona zote mbili zikipita. Masjala kwa kawaida hupiga juu ya deni peke yake, tangu kufunguliwa hadi kulipwa, kwa mstari mmoja, kwa sababu ndivyo dikrii nyingi, yaani amri zinazotokana na hukumu, zinavyoandikwa. Nimeona pia wakili akiweka jumla na mpinzani asipinge, ikapita. Mnazini, tuandikie maneno ya dikrii yako yalivyo, usiyafupishe.

#21 Bi_Langoni
Wakati anatafuta, mimi nina langu. Kwenye ajali nilipewa 600,000 za maumivu na 74,000 za hospitali na dawa. Ajali ilikuwa 2018. Mbona riba yangu imeanza kuhesabiwa juzi?

#22 Chipukizi_wa_Sheria
Zinahesabiwa mbali mbali, Bi. Zile 74,000 zilitoka mfukoni mwako na zinajulikana, kwa hiyo riba yake kwa kawaida huanza siku ulipofungua kesi. Zile 600,000 hazikuwa na kiasi mpaka hakimu alipozikadiria, kwa hiyo huanza siku ya hukumu. Tarehe ya ajali yenyewe haitumiki. Angalia kama wamezichanganya wakazianzisha zote siku ya hukumu, maana hapo umepunjwa riba ya zile 74,000.

#23 Bi_Langoni
Wamezichanganya. Nimeiona sasa. Ahsante sana.

#24 Mokowe_Jeti
Na sisi tuliopeleka bidhaa kwa serikali ya kaunti moja? Tuna hukumu, tuna gharama, tuna riba, na dalali haruhusiwi kugusa hata kiti cha ofisi yao.

#25 Karani_Mstaafu
Serikali haishikwi mali. Unachukua cheti cha amri mahakamani, unampelekea afisa mhusika, asipolipa unakwenda Mahakama Kuu kuomba aamriwe kulipa. Cheti kiwe na kiasi cha riba au kiwango na tarehe inapoanzia, na gharama ziwe zimeshakadiriwa, la sivyo watakurudisha.

#26 Mokowe_Jeti
Ndiyo ninayoyaona. Mnakumbuka wale wavuvi wa Lamu waliopewa 1.76 bilioni kwa ajili ya bandari mwaka 2018? Watu walidhani kesho yake wataitwa dirishani wahesabiwe.

#27 Mpwa_wa_Matondoni
Ile ilikuwa ya katiba na mazingira, ina mambo yake. Fungueni uzi mwingine, huu ni wa Mnazini.

#28 Mnazini
Nimeipata. Imeandikwa hivi: "Mdaiwa amlipe mdai shilingi 480,000 pamoja na riba kwa kiwango cha mahakama tangu tarehe ya kufungua kesi hadi kulipwa kikamilifu, na gharama za kesi." Basi.

#29 Hesabu_Kali
Umeona? "480,000 pamoja na riba tangu kufungua hadi kulipwa." Mstari mmoja. 768,000. Hakuna jumla ya kati hapo.

#30 Chipukizi_wa_Sheria
Amri haisemi riba juu ya deni peke yake. Inasema riba kwa kiwango cha mahakama, na kiwango hicho kinafanya kazi chini ya kifungu cha 26, ambacho baada ya hukumu kinataja jumla. Mimi ningeomba 809,472 nione kama atapinga.

#31 Karani_Mstaafu
Chipukizi, ukimwombea kwa njia hiyo na mdaiwa akapinga, utekelezaji utasimama miezi wakibishania 41,472 huku 768,000 zisizo na ubishi zikilala. Lakini sikukatazi, hoja yako ina miguu.

Shukuru, Mnazini, kwamba dikrii yako haikunyamaza. Isingetaja riba ya baada ya hukumu, sheria ingehesabu kwamba umepewa asilimia 6 tu kuanzia siku ile. Nimeona watu wakipoteza nusu ya riba kwa sababu ya mstari uliosahaulika wakati wa kuandika dikrii.

Jingine: amri yako inataja riba juu ya 480,000, halafu "na gharama za kesi" mwishoni. Je, gharama zenyewe nazo zina riba?

#32 Hesabu_Kali
Zina. Asilimia 14 ya 91,000, 12,740 kwa mwaka.

#33 Chipukizi_wa_Sheria
Kifungu kinasema mahakama *inaweza* kutoa riba juu ya gharama. Kwenye maneno ya Mnazini siioni. Na hata ingekuwepo, ianze lini? Siku ya hukumu, wakati hakuna aliyejua kiasi, au siku ya cheti cha makadirio? Nimesikia mawakili wakubwa wakibishana hapo.

#34 Karani_Mstaafu
Masjala niliyokaa tulianzia siku ya cheti. Mwenzangu wa mahakama nyingine alianzia hukumu. Hatukuwahi kukubaliana.

#35 Mpwa_wa_Matondoni
Swali la dhati, mzee. Ndugu akiamua kuacha riba, anaweza kuchukua deni na gharama tu bila kuharibu amri?

#36 Karani_Mstaafu
Anaweza. Haki ni yake, anaweza kuiacha yote au sehemu. Aandike barua mahakamani kwamba anatekeleza deni na gharama peke yake. Lakini asiandike kabla hajalipwa! Mdaiwa akijua riba haikimbii tena, ataacha kuharakisha.

#37 Mnazini
Hilo la mwisho ni zito. Sasa, jana jioni mdaiwa amepiga simu. Anasema ana 200,000 mkononi, nichukue kwanza. Nichukue?

#38 Hesabu_Kali
Chukua! Lakini ziingie kwenye gharama na riba kwanza. Gharama 91,000, inabaki 109,000 inakwenda kwenye riba. Deni la 480,000 linabaki zima na riba inaendelea kupigwa juu yake yote.

#39 Mokowe_Jeti
Yeye atasema amelipa deni, abaki na 280,000, na riba ishuke hadi 33,600 kwa mwaka badala ya 57,600. Ningekuwa yeye ningesema hivyo.

#40 Chipukizi_wa_Sheria
Ndiyo maana risiti iandikwe siku hiyohiyo. Andika "200,000 zimepokelewa, kwanza kwa gharama, kisha kwa riba iliyokwisha ingia chini ya dikrii ya kesi namba fulani", atie sahihi. Akikataa kutia sahihi, utajua anachofikiria kabla hujasaini chochote.

#41 Karani_Mstaafu
Na zipitie kwa wakili au mahakamani, zisipitie kwenye simu kimyakimya. Malipo ya nje ambayo hayajaandikwa mahakamani ndiyo yanayozaa kesi ya pili. Halafu usiiache dikrii ilale. Hukumu yenyewe ina miaka 12 ya kutekelezwa, lakini riba iliyolimbikizana haidaiwi ikishapita miaka 6 tangu ilipostahili kulipwa. Watu hudhani wakikaa wanavuna.

#42 Hesabu_Kali
Hiyo miaka 6 inahesabiwa kutoka hukumu au kwa kila mwaka wa riba peke yake?

#43 Karani_Mstaafu
Kwa kila riba tangu ilipostahili kulipwa, ndivyo ninavyoisoma. Lakini riba ya kabla ya hukumu imeshaingia ndani ya amri, na hapo sijui kama Chipukizi atakubali.

#44 Chipukizi_wa_Sheria
Sikubali wala sikatai, mzee. Kama imeingia ndani ya amri, basi unanirudishia hoja yangu ya ile jumla ya 652,800.

#45 Mnazini
Nimeandika risiti kama alivyosema Chipukizi, na wakili ameipitia. Mdaiwa anakuja ofisini kwa wakili Jumatatu saa nne. Kuhusu ile 14,000 yangu, wakili amekubali nimlipe gharama zikishaingia. Akitia sahihi nitawaambia, na asipotia nitaomba dalali aende.

#46 Bi_Langoni
Mola akufanyie wepesi. Na mimi nimeshaandika barua ya bili. Nimeanza na salamu ndefu.